Omu 500 zinazoamua kasi ya AD844

Ukurasa wa kwanza wa karatasi ya vipimo ya AD844, opampu ya kampuni ya Analog Devices, una tarakimu mbili zinazomshangaza fundi aliyezoea opampu za kawaida. Ishara ikikuzwa mara 1 kwa kugeuzwa, upana wa masafa ni megahezi 60. Ikikuzwa mara 10, ni megahezi 33. Opampu ya kawaida, ile ya mrejesho wa volteji, kama ingekuwa na megahezi 60 katika hali ya kwanza, ya pili ingeishusha hadi kama 11 tu. AD844 imepoteza chini ya nusu pale ambapo nyingine ingepoteza zaidi ya sehemu nne kwa tano.

Sababu imo katika mlango hasi. Katika opampu ya kawaida milango yote miwili ina ukinzani mkubwa; haipitishi mkondo wa maana, kazi yake ni kulinganisha volteji. AD844 ni ya aina nyingine, ile ya mrejesho wa mkondo, ambayo David Nelson na Kenneth Saller waliisajili kwa hataza ya Marekani namba 4,502,020 mwaka 1985. Ndani yake kuna bafa kati ya milango miwili: mlango chanya ndio unaoingia kwenye bafa, na mlango hasi ndio unaotoka. Kwa hiyo mlango hasi una ukinzani mdogo, omu 50 hivi, na mkondo hupita humo bila shida.

Mkondo huo ndio kosa ambalo opampu inahangaika kulifuta. Transista zilizopangwa kama vioo vya mkondo hunakili kila kinachopita kwenye mlango hasi na kukipeleka kwenye nukta ya ndani yenye ukinzani wa megaomu 3 na kapasita ya pikofaradi 4.5. Mkondo huchaji kapasita hiyo, volteji yake inapanda, na bafa ya pili huitoa nje. Sehemu ya volteji hiyo ya nje hurudi kupitia rezista ya mrejesho mpaka mkondo wa kosa ukaribie sifuri.

Sasa swali: mrejesho unarudi kwa nguvu kiasi gani? Katika opampu ya kawaida rezista mbili, Rf ya mrejesho na Rg inayoelekea kwenye chanzo cha ishara, hugawana volteji ya nje. Ukitaka ukuzaji mkubwa unapunguza Rg, na kinachorudi kwenye mlango hasi kinapungua vilevile. Mrejesho unadhoofika, kasi inashuka. Katika AD844 kinachorudi ni mkondo. Kama mlango hasi ungekuwa na ukinzani wa sifuri kabisa, mkondo wote wa Rf ungeingia humo na Rg isingepata hata chembe, kwa kuwa ncha zake mbili hazingeona badiliko lolote la volteji linalotoka kwenye mrejesho. Hapo kasi ingeamuliwa na Rf na kapasita ya ndani peke yake, na Rg ingebaki huru kupanga ukuzaji. Huu ndio ufundi wote wa saketi hii, na ni ufundi mzuri sana.

Lakini omu 50 si sifuri. Mkondo unaorudi unagawanyika kati ya mlango hasi na Rg, na mgawanyo huo unaweza kuhesabiwa, Rin ikiwa ukinzani wa mlango hasi, Ct kapasita ya ndani na BW upana wa masafa:

```
Re  = Rf + Rin × (1 + Rf/Rg)
BW  = 1 / (2π × Re × Ct)
```

Kwa ukuzaji wa mara 1, chukua Rf ya omu 500 na Rg ya omu 500. Re inakuwa 500 + 50 × 2, yaani omu 600. Zidisha kwa pikofaradi 4.5, unapata nanosekunde 2.7, ambazo ni sawa na megahezi 59. Kwa ukuzaji wa mara 10, Rf inabaki 500 na Rg inashuka hadi 50. Re sasa ni 500 + 50 × 11, yaani 1,050, na upana ni megahezi 33.7. Hesabu ya mistari miwili inaangukia karibu kabisa na vipimo vya mtengenezaji. Maana yake pia inaonekana waziwazi: Rg na mlango hasi, kila mmoja una omu 50, kwa hiyo nusu ya mkondo wa mrejesho inapotelea kwenye Rg.

Kutokana na hesabu hiyo, mtu huanza kwa kuchagua Rf, kisha Rg hufuata kulingana na ukuzaji anaoutaka. Mazoea ya opampu za kawaida, ya kuokota jozi yoyote ya rezista ilimradi uwiano uwe sawa, hayafai hapa. Ukiweka omu 1,000 na 1,000 badala ya 500 na 500, ukuzaji ni uleule, ila upana unashuka hadi kama megahezi 32.

Kwa nini basi usiweke omu 100 upate kasi zaidi? Kwa sababu vioo vya mkondo na bafa navyo vina ucheleweshaji wao. Ucheleweshaji huo hauonekani masafa yakiwa ya chini, lakini Rf ikiwa ndogo mno mrejesho unabaki na nguvu hadi kwenye masafa ambako ishara inarudi imechelewa kiasi cha kujiunga mkono badala ya kujisahihisha. Dalili zinaonekana kwenye osiloskopu: peleka wimbi la mraba, na kila ukingo utaruka juu kisha kutetemeka kabla ya kutulia. Punguza Rf zaidi na saketi itaanza kutoa mawimbi yenyewe hata bila ishara. Tiba ni kuiongeza Rf hatua kwa hatua mpaka ukingo utulie.

Ndiyo maana watengenezaji huchapa jedwali la Rf kwa kila ukuzaji. AD811, opampu ya video ya kampuni hiyohiyo ambayo mlango wake hasi una omu 14 tu, hupewa Rf ya omu 649 kwa ukuzaji wa mara 2 na omu 511 kwa ukuzaji wa mara 10. Pitisha tarakimu hizo kwenye mlinganyo na Re inatoka 677 na 651. Mtengenezaji amepunguza Rf ili kufidia kinachopotelea kwenye Rg. AD844 haimpi mtu nafasi hiyo: ili Re irudi 600 kwenye ukuzaji wa mara 10, Rf ingepaswa kuwa omu 50 na Rg omu 5, mzigo ambao hakuna anayeutaka.

Kuna mitego miwili inayowanasa hata mafundi wazoefu. Wa kwanza ni kuunganisha mlango wa kutokea na mlango hasi kwa waya mtupu ili kupata bafa ya ukuzaji wa mara 1. Waya ni Rf ya sifuri, na saketi itavuma. Rf lazima ibaki. Wa pili ni kapasita ndogo sambamba na Rf, dawa ya kawaida ya kutuliza opampu nyingine. Hapa masafa yakipanda kapasita inakuwa njia ya mkato, Rf inatoweka, na dawa inageuka ugonjwa.

Kwenye ukuzaji mkubwa sana faida inayeyuka. Kwa mara 100, Rf ikiwa omu 5,000 na Rg 50, Re inafika 10,050 na upana unabaki megahezi 3.5. Hatua mbili za mara 10 zilizofuatana, kila moja ikiwa na megahezi 33.7, zinatoa kama megahezi 22 kwa pamoja. Ila Rg ya omu 50 ya hatua ya pili ni mzigo kwa hatua ya kwanza, kwa hiyo mpangilio huo unafaa pale tu ishara inayotoka kwenye hatua ya kwanza ni ndogo.