Masharubu Yaliyofutwa, Mwanga Uliopotea: Uhakiki wa Uso wa Superman katika Justice League (2017)

4.3.1 Kisa kinachohakikiwa

Sehemu hii inahakiki kisa kimoja cha kufuta nywele za usoni katika picha. Filamu ya Justice League ilitolewa Novemba 2017. Baada ya mwongozaji Zack Snyder kujiondoa, Joss Whedon alisimamia upigaji wa maonyesho ya ziada. Wakati huo Henry Cavill, aliyeigiza Superman, alikuwa amefuga masharubu kwa ajili ya Mission: Impossible – Fallout, na kampuni ya Paramount haikuridhia ayanyoe. Masharubu hayo yakafutwa kwa kompyuta. Matokeo yake yanaonekana tangu tukio la mwanzo, ambapo Superman anazungumza mbele ya simu ya mtoto. Watazamaji wengi waliukataa uso huo papo hapo.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba ngozi iliyowekwa ilikuwa laini mno. Mtafiti anakubali kwamba dosari hiyo ipo, lakini anadai kwamba si ya kwanza. Kilichopotea kwanza ni mwanga, na kwa kupotea kwa mwanga umbo la mdomo likapotea.

4.3.2 Kile ambacho masharubu huficha

Mdomo wa juu si eneo bapa. Katikati una mfereji unaoshuka kutoka puani, wenye kingo mbili; pembeni kuna kunjo liendalo kutoka pua hadi pembe ya kinywa. Mwanga ukitoka juu, pua hutupa kivuli juu ya mfereji, ukingo mmoja hung'aa na wa pili hufifia. Masharubu mazito huficha yote haya, na juu ya hayo hutupa kivuli chake juu ya mdomo. Kwa hiyo anayeyafuta hafunui ngozi iliyokuwapo chini. Analazimika kuubuni upya mdomo mzima. Akijaza eneo hilo kwa rangi iliyosawazishwa, mdomo huonekana umevimba, kwa kuwa jicho husoma eneo lisilo na mpito wa mwanga kuwa uvimbe. Ndivyo ulivyoonekana mdomo wa Superman, na kila aliposema dosari ilizidi, kwani mfereji na kunjo hubadilika umbo kwa kila neno.

4.3.3 Jaribio katika picha tuli

Hoja hii hudhihirika zaidi katika picha tuli. Tuchukue picha ya mwanamume mwenye masharubu, mwanga mkuu ukitoka juu kushoto. Mbinu inayotumiwa sana katika Photoshop ni kuigawa picha katika matabaka mawili. Tabaka la chini hutiwa ukungu kwa `Gaussian Blur` hadi vijitundu vya ngozi vitoweke, na hubaki na rangi na mwanga tu. Tabaka la juu, katika picha ya biti 8, hupitishwa kwenye `Apply Image` kwa `Subtract`, `Scale` 2 na `Offset` 128, kisha huwekwa katika hali ya `Linear Light`. Hili hubeba vijitundu, mikunjo midogo na nywele.

Kosa la kawaida ni kuanza na tabaka la juu. Mhariri hunakili vijitundu vya shavu juu ya nywele, nywele zikatoweka, lakini doa la kijivu likabaki, kwa sababu weusi wa masharubu kwa ujumla wake umo katika tabaka la chini. Utaratibu ufaao ni kinyume chake: kwanza kuchora upya kivuli cha pua, mfereji na kunjo katika tabaka la chini, ndipo vijitundu vifuate, navyo vichukuliwe mahali panapoelekea mwanga kwa pembe ileile. Vijitundu vya shavu la kulia vikipelekwa kushoto, vivuli vyake vidogo huangukia upande usiofaa. Mwisho hurejeshwa punje za picha pale zilipopotea.

Kipimo cha kutofautisha dosari hizi mbili ni chepesi. Picha ipunguzwe hadi ukubwa wa ukucha. Ikiwa uso bado unakera, kosa ni la mwanga. Ikiwa unakubalika na kuharibika unapokuzwa tu, kosa ni la ngozi. Picha za Superman zilizoenea kwa dhihaka zilikuwa ndogo, na bado kosa lilionekana.

4.3.4 Mipaka ya hoja

Kisa hiki kinahusu ngozi nyeupe, ambapo umbo husomeka zaidi kwa vivuli. Katika ngozi nyeusi, mng'ao wa kingo za mfereji ndio hubeba umbo, hivyo mng'ao huo ndio unaopaswa kujengwa kwanza. Aidha, wakati mwingine suluhisho halimo katika kufuta: toleo la Snyder la 2021 halikutumia maonyesho ya Whedon, na mdomo ule uliofanyiwa ukarabati haumo.

Kwa mujibu wa uchambuzi huu, wahakiki wanaouhukumu uhariri wa ndevu kwa ulaini wa ngozi pekee wanaanza na swali la pili. La kwanza ni hili: mwanga unaoangukia paji la uso, je, unaufikia na mdomo?