"Lihamishwe" na nani?

Nimesoma kumbukumbu za mkutano wa kuoanisha michoro ya nyumba ya ghorofa mtaani Majengo, Mombasa. Kipengele kimoja chasema: "Ilionekana bomba la majitaka linagonga boriti, lihamishwe haraka."

Kisarufi hakuna kosa. Lakini lihamishwe na nani? Kauli ya kutendwa imemficha mtenda. Mhandisi wa mabomba atangoja yule wa miundo aseme iwapo boriti yaweza kutobolewa. Huyu naye atangoja kuulizwa. Zege litamwagwa, bomba bado liko palepale. Tena "ilionekana" si uamuzi, ni maoni tu.

Ningeandika hivi: "Uamuzi: boriti haitatobolewa, bomba litapita chini yake. Kitendo: mhandisi wa mabomba atachora upya na kumtumia msanifu mchoro kufikia Ijumaa, tarehe 14, saa kumi jioni. Msanifu atashusha dari kufikia Jumatatu, tarehe 17."

Kipimo chenyewe ni chepesi: iondoe ile "-w-". "Lihamishwe" likawa "alihamishe", sharti umtaje mtu mmoja. Ukikosa wa kumtaja, basi mkutano haukuamua. Kipengele kirudishwe mezani kabla ya mwenyekiti kutia sahihi.