Guu Ambalo Halikuvunjika

Mwalimu mmoja jirani yangu, ambaye amesahihisha insha za kidato cha nne kwa miaka mingi hapa Kenya, haanzi na kalamu. Usomaji wa kwanza ni wa macho tu. Juzi niliketi kando yake akisoma insha ya methali: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Mvulana anakanywa na mama yake asiende mtoni. Anakwenda, anasombwa na maji, anaopolewa, kisha nyumbani anafanyiwa sherehe. Sarufi haikuwa na doa kubwa. Mimi ningempa alama 14 kwa 20. Mwalimu aliguna: "Guu limevunjika wapi?" Methali ina pande mbili, kosa na matokeo yake, na mtoto huyu alikuwa ameandika upande mmoja. Hapo insha ikashuka kutoka kiwango cha B hadi C kabla wino haujagusa karatasi.

Katika usomaji wa pili ndipo kalamu nyekundu ilipoingia. Aya ya tatu ilikuwa na mistari kumi na minne: onyo la mama, mluzi wa rafiki dirishani, na mtoni kwenyewe. Alichora mkwaju mahali pawili, kila wazo likapata aya yake. Papo hapo nikaona kilichojificha: mluzi, kishawishi chenyewe, ulikuwa umepewa sentensi moja tu.

Kisha akafika hapa: "Nilipoona mawimbi nilipiga moyo konde nikatimua mbio." Upatanisho wa kisarufi ni sawa, nyakati ni sawa. Lakini anayepiga moyo konde hujikaza akabaki, hatimui mbio. Akatia alama ya X juu ya nahau hiyo. Mbele kidogo mtoto alikuwa ameandika kwamba maji "yalinguruma kama fahali aliyenyimwa njia", na juu yake mwalimu akaweka vema. Vema hizo huwa anazitafuta kwa bidii ileile anayotafutia makosa, kwa kuwa nazo pia huhesabiwa.

Kosa la sarufi hupigiwa mistari miwili chini, la tahajia mmoja. "Nilipo fika" ilipata mmoja, maana ni neno moja lililokatwa. Halafu ile sherehe: "Nyumbani nilifanyiwa kalamu." Nilicheka. Yeye hakucheka, alijua lugha ya kwanza ya mtoto huyo haitofautishi r na l. Neno hilo lilirudi mara nne, naye akalipigia mstari mara ya kwanza tu. Kosa moja likirudiwa hubaki kosa moja.

Mwishoni aliandika 09/20. Chini yake hakuandika "jitahidi". Aliandika: "Onyo la mama lipo. Futa karamu, mvunje guu."