Mkubwa Anaeleza, Mama Mboga Anadai

Habari yenyewe ilikuwa na aya saba tu: kanjo wamebomoa vibanda sokoni usiku. Nilitumiwa niisafishe kabla haijachapishwa. Nilidhani ni kazi ya nukta na mkato. Kumbe.

Nilianza kwa kupigia mstari kila kitenzi cha kuripoti. Afisa wa kaunti “alieleza” mara tatu na “kufafanua” mara moja. Mama mboga “alidai” mara nne. Hakuna aliyeonyesha hati yoyote, si afisa, si mama. Lakini “alieleza” inamfanya msomaji aamini, na “alidai” inamfanya akunje uso. Mwandishi ameshatoa hukumu, na pengine hata hajui. Wote wawili niliwapa “alisema”. Ndiyo, inajirudia, lakini haimwonei mtu. “Alikiri” ingoje mtu akubali kosa. “Alidai” itumike pale pande zinapopingana, na hapo itumike kwa pande zote.

Kisha nukuu. Aya ya nne ilisomeka hivi: Alisema kuwa “sikupewa notisi. Kaunti ndiyo imesababisha hasara hii. Hebu tazama: alama ya kufungua ipo, ya kufunga haipo. Sasa hiyo sentensi ya pili ni ya nani, ya mama au ya mwandishi? Ikiwa ni ya mwandishi, gazeti ndilo linaloishtaki kaunti. Hapo huwezi kubahatisha, nilimpigia simu mwandishi. Akasikiliza rekodi yake: maneno yote ni ya mama. Halafu kuna ile “kuwa” iliyochanganya usemi wa taarifa na usemi halisi. Chagua mmoja. Ama: Alisema kuwa hakupewa notisi. Ama: Alisema, “Sikupewa notisi. Kaunti ndiyo imesababisha hasara hii.” Nilichukua wa pili, manake maneno ni yake.

Mwisho, nambari. Mtindo wetu ni maneno kuanzia moja hadi kumi, tarakimu kuanzia 11. Tarakimu huficha upatanisho. Ukiandika “vibanda 2” hakuna atakayekushika. Ukiandika kwa maneno lazima iwe vibanda viwili, watu wawili, nyumba mbili. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki, ndiyo maana mtu huzizoea na kuteleza kwenye nyingine. Hapa palikuwa na “vibanda 7” kando ya barabara na “vibanda nne” langoni. Nilipoandika saba na vinne, nikajumlisha bila kukusudia: 11. Kichwa cha habari kilisema 12.

Nikapiga simu tena. Kibanda cha kumi na mbili kilikuwa cha yule mama, nyuma ya choo. Kilikuwa kimesahaulika katika hesabu ya habari inayomhusu yeye mwenyewe.