Maharage ya Kyela, Maji ya Tukuyu

Andalio la somo lilikuwa safi. Mwalimu wa Sayansi wa darasa la sita, katika hadithi hii ya shule moja ya Tukuyu, alitaka wanafunzi waone kwamba maji yakishachemka joto lake halipandi tena, hata ukiongeza moto. Alikuwa na jiko la mkaa, sufuria, maji, kipimajoto na jedwali ubaoni. Kwenye safu ya mwisho alikwisha kuandika kwa chaki jibu alilolitarajia: nyuzi 100.

Maji yakatokota na kipimajoto kikasimama kwenye 95. Akaongeza mkaa. Mvuke ukazidi, ila namba ikabaki palepale. Shabaha ya somo ilikuwa imefikiwa, na angeweza kusema kipimajoto ni kibovu, wanafunzi wakaandika 100, kipindi kikaisha kwa amani. Ndipo msichana mmoja akanyoosha mkono: “Mwalimu, kama maji ya hapa yanawahi kuchemka, mbona maharage ya hapa yanachelewa kuiva kuliko ya kwa bibi Kyela?”

Namna alivyolipokea swali hilo ndiyo inayonifanya niusifu ufundi wa kufundisha. Hakulijibu, wala hakumwambia asubiri kidato cha kwanza. Alifuta ile 100 ubaoni, akauliza: “Tutajuaje kwamba kosa si la kipimajoto?”

Darasa likaanza kazi. Walileta kipimajoto cha pili, nacho kikasoma 95. Wakakitumbukiza kila kimoja kwenye barafu iliyopondwa na kuchanganywa na maji. Vyote vikashuka hadi 0. Mvulana mmoja akadhani labda maji yana chumvi. Mwalimu akawaachia wajaribu: chumvi ilipozidi kwenye maji, kiwango cha kuchemka kilipanda kidogo badala ya kushuka. Basi sababu ilikuwa kwingine.

Hapo ndipo alipowaeleza habari ya hewa. Maji huchemka pale mvuke unaotengenezwa ndani yake unapopata nguvu ya kusukumana na uzito wa hewa iliyo juu. Tukuyu iko kwenye kimo cha mita 1,600 hivi kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo hewa iliyobaki juu ya sufuria ni pungufu, na mvuke hushinda mapema. Kwa kila mita 300 unazopanda, kiwango cha kuchemka hushuka kwa takriban nyuzi 1. Gawanya 1,600 kwa 300, utapata 5 na ushei, na 95 ya darasa inakuwa haina ajabu tena.

Na maharage? Yanaivishwa na joto, na kutokota peke yake hakuivishi kitu. Maji yanayochemka kwa nyuzi 95 yanatokota kwa vishindo, lakini yana joto dogo kuliko yanayochemka kwa 100, hivyo punje huchukua muda zaidi kulainika. Kuchochea kuni hakusaidii, kwa kuwa moto wa ziada huishia kwenye mvuke. Jambo aliloliandaa mwalimu likarudi, safari hii likiwa jibu la swali la mtoto.

Bado kulikuwa na Kyela. Mji huo uko bondeni karibu na Ziwa Nyasa, kwenye kimo cha mita 500 hivi. Kabla ya kupima chochote, kila kundi liliandika utabiri wake. Wengi walifikia 98. Mwalimu alimpigia simu mwenzake wa Kyela, akamwomba achemshe maji na kusoma kipimajoto, bila kumtajia namba waliyoitabiri, asije akaiona kwa sababu ameitarajia. Jibu lilikuja: 98.

Nchi yetu ina mfano maarufu wa swali lililoheshimiwa hivyo. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu uliokuwa moto umewahi kuganda kuliko uliopoa. Baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, alimuuliza mgeni wao Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka Dar es Salaam. Osborne alikwenda kupima, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanasayansi wanabishana juu ya jambo hilo hadi leo.

Si kila swali linastahili kugeuza kipindi. Mwalimu wa Tukuyu alilifuata hili kwa sababu mbili: lilipimika kwa vitu vilivyokuwa mezani, na lilikuwa linaelekea kulekule somo lilikokuwa linakwenda, ila kwa kina zaidi. Swali lisilo na sifa hizo huandikwa pembeni likangojea siku yake. Kutofautisha hayo mawili, darasa zima likikutazama na maji yakichemka, hakuandikwi kwenye andalio lolote. Kunatoka kwa mwalimu anayelijua somo lake kiasi cha kutoogopa namba asiyoitarajia.