Gauni si karatasi nyeupe

Video ya harusi ya Newala inazunguka kwenye simu tangu msimu wa korosho, kwa hiyo sitasimulia nani alicheza na nani alilia. Kanisani kule Masasi, asubuhi, kazi ilikuwa safi: kamera imetulia, sauti haikatiki. Kilichoharibika kiliharibika jioni, mlangoni mwa ukumbi, kabla bibi harusi hajaketi.

Turudi pale. Ni saa kumi na mbili na nusu hivi, jua limeshazama, ubaridi wa uwanda wa juu umeanza. Fundi anamsimamisha bibi harusi kizingitini, anavuta lenzi mpaka gauni linajaza fremu, anabonyeza kitufe cha waiti balansi na kuifunga. Halafu anaingia ndani na kamera iliyofungwa vile vile, na ndani kuna taa za manjano. Kuanzia hapo kila sura ni papai lililoiva.

Kuweka waiti balansi kwa mkono ni uamuzi sahihi, na mimi na AWB tuna ugomvi wa miaka. Ile hubadili mawazo kila kitenge chekundu kikikatiza mbele ya lenzi. Lakini kuweka kwa mkono maana yake unaiapia kamera kwamba mwanga ni huu. Fundi wetu aliapa uongo mara mbili.

Kwanza, mahali. Anga baada ya machweo hutoa mwanga wa buluu, 8000 K na zaidi, na taa za manjano za ukumbini ni kama 3000 K. Kamera iliyoambiwa kwamba mwanga ni wa buluu huongeza rangi ya moto ili kuufidia. Ukiipeleka chini ya taa ambazo tayari ni za moto, rangi inarundikana juu ya rangi. Tena mwanga wa mlangoni haukai: ndani ya dakika ishirini giza limeshaingia, na kipimo chake hakina kazi tena.

Pili, gauni. Kitambaa cheupe cha dukani hutiwa dawa ya kung'arisha, na nyumbani tunaongeza bluu ya kufulia. Dawa ile humeza miale isiyoonekana iliyomo kwenye mwanga wa mchana na kuitoa kama buluu. Kwa hiyo kamera iliona buluu nyingi kuliko iliyokuwepo, ikazidisha moto. Kadi ya kijivu haina ujanja huo, na inaingia mfukoni.

Mzee aliyenifundisha, mwenye studio ndogo Newala enzi za filamu, hakuwa na kitufe cha kuapia. Filamu ya mchana ilikuwa ya mchana, basi. Akiingia chini ya balbu alifunga kichujio cha buluu, 80A, akakubali kupoteza stopu mbili za mwanga. Lakini kabla ya kufunga chochote alikuwa anazunguka chumba akiuliza, "Mwanangu, sura itapigwa na taa ipi?" Halafu anafunga mapazia. Mwanga ukibaki mmoja, kichujio kimoja kinatosha.

Jibu la Newala lilikuwa hilo hilo. Funga mlango, simama mbele ya meza kuu, mtu ashike kadi pale sura itakapokuwa, ikielekea lenzi, ijaze fremu, kisha bonyeza. Kama unatumia taa ya juu ya kamera, iwashe kabla ya kupima, na kifundo chake ukishushe hadi 3200 K. Fundi aliiacha kwenye 5600, ndiyo maana kwenye keki pua ya shemeji yetu ina rangi moja na sikio lake lina nyingine. Hapo hakuna kipimo kinachoponya, kwa sababu kamera hurekebisha fremu nzima kwa pamoja: ukitibu pua, sikio linaugua.

Najua jibu la vijana: tutarekebisha kwenye kompyuta. Picha ya mnato iliyopigwa Raw, sawa. Video ya kawaida imeshaoka rangi ndani yake. Kwenye sura hizi chaneli ya buluu imebaki mabaki, na ukiivuta juu unavuta chengachenga. Tazameni kipande cha shangazi kwenye nakala "iliyosafishwa": shavu linachemka kama uji.

Kuna sehemu moja tu ya jioni ile ambayo rangi iko karibu na sawa. Umeme unakatika katikati ya zawadi, wageni wanawasha tochi za simu, mwanga mweupe wenye ubuluu, na kwa sekunde kadhaa bibi harusi anarudiwa na ngozi yake. Halafu jenereta linanguruma.