Jibu Katika Mistari Miwili

Katika karatasi za mazoezi ambazo wanafunzi wa Mbezi Beach hurudi nazo nyumbani mwisho wa juma, ziwe zimetoka shuleni au kwa mwalimu wa tuisheni, swali hupigwa chapa na chini yake ikaachwa mistari ya nukta, aghalabu miwili, mara chache mitatu, na mtoto aliyezoea daftari lisilo na kikomo hujikuta mbele ya mpaka ambao hakuuweka yeye. Mpaka huo atakutana nao tena mahali penye uzito zaidi, kwa kuwa katika Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne na ule wa Kidato cha Pili, unaosimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, karatasi ya maswali ndiyo karatasi ya majibu, na mtahiniwa huagizwa kuandika katika nafasi alizoachiwa. Darasa la Saba lina desturi yake nyingine, maana tangu mwaka 2012 majibu mengi ya mtihani huo hutiwa weusi katika karatasi maalumu inayosomwa na mashine, na aliyetia weusi hana haja ya kupima maneno. Hapa nataka kulitazama jibu la maelezo lenye alama mbili na mistari miwili, kwa sababu ndilo liwatesalo wengi, na ndilo ambalo kazi yake yaweza kufuatwa hatua kwa hatua.

Jambo la kwanza ni kuijua nafasi yenyewe kwa kipimo. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210, na ukiondoa pambizo ya milimita 25 kila upande, mstari wa kuandikia hubaki na milimita 160. Mtoto wa darasa la tano au la sita, ambaye mwandiko wake umetulia lakini bado ni mpana, hutumia takriban milimita 3 kwa kila herufi pamoja na nafasi iliyo kati ya maneno. Kwa hiyo mstari mmoja humeza herufi 53 hivi, na mistari miwili humeza 106. Si lazima mtoto achukue rula kwa kila swali. Inatosha aandike mstari mmoja katika daftari lake kwa mwandiko wake wa kawaida, ahesabu maneno yaliyoingia, na aikumbuke hesabu hiyo, ambayo kwa Kiswahili haizidi sana maneno saba au manane, kwa kuwa neno letu moja hubeba nafsi, wakati, mtenda na mtendwa kwa pamoja, na hivyo huwa refu. Anayeijua hesabu hii huanza kuandika akiwa na bajeti mkononi. Asiyeijua huutambua ufinyu wa nafasi akiwa amekwisha kuimaliza.

Na tuchukue swali la Maarifa ya Jamii ambalo mtoto wa pwani hii aweza kulishuhudia kwa macho yake: Eleza kwa nini kuchimba mchanga katika mito iingiayo baharini husababisha ufukwe kumomonyoka (alama 2). Mito ya Tegeta na Mbezi imechimbwa mchanga wa kujengea kwa miaka mingi, na upande wa Kunduchi bahari imekula ardhi kiasi kwamba hoteli ya zamani ya Africana ilikuja kuachwa. Basi mwanafunzi hakosi la kusema, na kutokosa la kusema ndiko kunakomponza. Jibu la namna hii hulikuta katika karatasi nyingi ninazosahihisha: "Kuchimba mchanga katika mito iingiayo baharini husababisha ufukwe kumomonyoka kwa sababu watu wanachimba mchanga mwingi sana kwa ajili ya kujengea nyumba na kisha wanauuza kwa malori na hii ni tabia mbaya ambayo inaharibu mazingira yetu na serikali inapaswa kuwachukulia hatua."

Hayo ni maneno arubaini, na mistari miwili inachukua kumi na sita kwa taabu. Mtoto ameyaingiza kwa hila tatu zijulikanazo na kila mwalimu: ameanza kwa mwandiko wake, akaupunguza katikati hata ukawa kama mchanga wenyewe, kisha akapanda juu ya pambizo na kushuka chini ya mstari wa mwisho mpaka akaligusa swali linalofuata. Lakini ubaya wa jibu hauko katika wingi wake peke yake. Maneno kumi na moja ya mwanzo yamelirudia swali, na swali limekwisha kupigwa chapa juu yake. Yanayofuata yanaeleza nani anachimba na kwa nini anachimba, jambo ambalo halikuulizwa. Na ya mwisho yanatoa hukumu, ambayo nayo haikuulizwa. Kiungo kinachounganisha mto na ufukwe hakimo kabisa, na msahihishaji akitafuta pa kuweka alama hapaoni.

Njia iliyo salama ni kulijenga jibu kutoka katika alama zake. Alama mbili kwa swali la "eleza" aghalabu humaanisha viungo viwili vya sababu, na kabla ya kuigusa karatasi mwanafunzi hana budi avitaje kwa mdomo au aviandike kwa penseli pembeni mwa daftari. Kiungo cha kwanza: mawimbi huondoa mchanga ufukweni siku zote, na mto huleta mwingine wa kuufidia. Kiungo cha pili: mchanga ukichimbwa mtoni fidia hiyo haifiki, nayo mawimbi hayaachi kuchukua. Hapo ndipo yaanzapo maneno, na rasimu ya kwanza yaweza kuwa hii: "Mchanga wa mto hujaza ule ambao unachukuliwa na mawimbi pale ufukweni, na ukichimbwa hauwezi kufika baharini, na kwa hiyo ufukwe unakuwa unapungua." Maana imekamilika, nafasi haitoshi, rasimu ina herufi zaidi ya 140.

Kuanzia hapa kinachopunguzwa ni mavazi ya lugha, na maana haiguswi. "Ambao unachukuliwa" huwa "unaochukuliwa", na herufi tano zinaokolewa bila hasara. Aliyelelewa katika Kiswahili cha zamani angeandika "uchukuliwao" akaokoa mbili zaidi, lakini mtoto na aandike umbo analolimudu asije akakosea. "Pale ufukweni" huondoka, kwa kuwa ufukwe utatajwa mwishoni na swali lenyewe limeutaja. "Na" ya kuunganisha hupisha nukta mkato. "Hauwezi kufika" huwa "haufiki", "na kwa hiyo" huwa "hivyo", na "unakuwa unapungua", ambayo ni maneno mawili yafanyayo kazi ya moja, huwa "hupungua", umbo la mazoea linalofaa mno kwa jambo litokealo daima. Kinachobaki ni hiki:

"Mchanga wa mto hujaza ule unaochukuliwa na mawimbi; ukichimbwa haufiki baharini, hivyo ufukwe hupungua."

Mpaka kwenye nukta mkato kuna herufi 51, na kutoka hapo hadi nukta ya mwisho ziko 51 nyingine, kila fungu likikaa katika mstari wake wenye nafasi ya 53. Kwamba yamelingana hivyo ni bahati ya mfano huu. Lakini kila kiungo kukaa katika mstari wake ni jambo la kutafutwa kwa makusudi kila iwezekanapo, kwa sababu msahihishaji mwenye rundo la karatasi huona hoja mbili kwa mtazamo mmoja. Tena ni sentensi kamili, kwa hiyo hata pale ambapo agizo la karatasi linakataza majibu ya vipande haliwezi kulikataa.

Kupunguza nako kuna mpaka wake, na wanafunzi werevu huanguka upande huu. Mmoja akiisha kufundishwa ufupi huandika: "Mchanga hupungua." Je, wa mto au wa ufukwe? Na umepunguzwa na nini? Neno lililotolewa hapo lilikuwa kiungo chenyewe. Kipimo ninachokiamini ni kulifunika swali kwa kiganja na kumpa mtu mwingine, kaka au dada aliyeko mezani, alisome jibu peke yake na aseme limeeleza nini kinachosababisha nini. Akiweza kutaja pande zote mbili, ufupi ni halali, akiuliza "mchanga gani?", neno moja lirudishwe, na mahali pake patafutwe kwa kutoa jingine lisilobeba hoja.

Maswali ya "taja" yana hatari ya namna nyingine. Mwalimu huandika (i) na (ii), kila moja na mstari wake, akataka athari mbili za mmomonyoko wa ufukwe. Hapo sentensi ndefu haina kazi, na kifungu kama "kubomoka kwa nyumba" kinatosha. Lakini mwenye kuandika "nyumba kubomoka" katika (i) na "majengo kuanguka" katika (ii) ameijaza mistari miwili kwa hoja moja, na atapata alama moja. Ya pili ingekuwa "kung'oka kwa minazi na miti ya pwani", ambayo ni athari tofauti. Na aliye na hoja tatu asiibane ya tatu pembeni, maana aghalabu msahihishaji huhesabu zile za mwanzo kwa idadi iliyoombwa, na nyongeza iliyo mbovu huchafua zilizo njema.

Lawama nyingine humhusu mtunzi wa karatasi. Nimeona swali la kueleza likipewa mstari mmoja, na swali la kutaja mji mkuu likipewa minne, kwa sababu aliyepiga chapa aligawanya ukurasa sawasawa bila kulijibu swali yeye mwenyewe kwanza. Mtunzi na aandike jibu lake kwa mkono, kwa mwandiko mpana wa mtoto na si wake, kisha aongeze nusu ya nafasi hiyo. Na achunge umbali kati ya mistari, kwa kuwa mashine ya fotokopi ikipunguza ukurasa ili uingie, milimita 8 alizoziacha huwa 6, na herufi zenye mikia kama g na y hugongana na zile zilizo chini yake. Mwanafunzi akikutana na karatasi ya namna hiyo, alama zilizo kwenye mabano ndizo kiongozi wake, wala asiamini idadi ya mistari: alama moja katika mistari minne bado ni hoja moja.

Visanduku vya kuoanisha, ambavyo kila kimoja hupokea herufi moja tu, vingedhaniwa kuwa havina fundisho, kumbe hupoteza alama za watoto waliojua. Anayebadili mawazo huandika D juu ya B iliyokwisha kukauka, na katika kisanduku kidogo herufi mbili hizo huwa moja isiyosomeka, ambayo msahihishaji mwadilifu hana ruhusa ya kuikisia. Wino wa bluu au mweusi haufutiki. Basi herufi ya kwanza ikatwe kwa mstari mmoja ulionyoka, na mpya iandikwe kando yake ndani ya kisanduku kile kile, au juu ya ukingo wake kama ndani hamna nafasi, kwa herufi kubwa iliyo wazi, C ikiwa bila mkia usije ukaifanya G, na E ikiwa na mguu wake wa chini usije ukakosekana ikawa F.